Muhtasari wa Kijiji Ndani ya Barua Pepe

Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ni waraka mgumu kuliko unavyoonekana. Kurasa za mwanzo zimechapwa kwa kompyuta: ajenda, mjadala, maazimio. Kisha inakuja orodha ya mahudhurio, kurasa kadhaa za mistari iliyojazwa kwa kalamu ya bluu, wengine wakiwa wameandika majina kwa herufi za kuachanaachana, wengine wakiwa wameweka dole gumba. Mwisho kuna saini ya mwenyekiti, saini ya mtendaji na mhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate idhini ya mkutano mkuu kabla ya kugawa ardhi, na kwa hiyo orodha ile si pambo. Ndiyo inayoonyesha kwamba wananchi walikuwepo na waliridhia.

Waraka wa namna hiyo ukitoka Balangdalalu au Yaeda Chini, unapaswa kufika Katesh, Mbulu mjini, Babati au Dodoma, na mara nyingi anayeusubiri anautaka kwanza kwa barua pepe. Hapo ndipo kazi inapoharibikia. Steshenari wanauskani, faili linatoka na mega 24, barua pepe inalikataa. Kijana wa kompyuta analipitisha kwenye programu ya kupunguza, anachagua kiwango cha juu kabisa, linabaki mega moja, linakwenda. Upande wa pili afisa analifungua na kukuta kichwa cha habari kinasomeka vizuri, maazimio yanasomeka kwa kukaza macho, na majina yote 140 yamekuwa ukungu wa bluu. Waraka umefika, ushahidi haukufika.

Sura hii inafuata faili moja la aina hiyo tangu kwenye skana hadi kwenye kiambatisho. Tuseme lina kurasa 16: kumi zimechapwa, tano ni za mahudhurio, na moja ina saini na mhuri.

Tuanze na swali la uzito ule unatoka wapi. Karatasi ya A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, kipimo kinachosomeka DPI kwenye skana, picha yake huwa na upana wa nukta 2480 na urefu wa nukta 3508. Zidisha, unapata nukta milioni 8.7 kwa ukurasa mmoja. Ukiskani kwa rangi, kila nukta hubeba baiti tatu, na ukurasa mmoja kabla ya kubanwa ni mega 26. Ukiskani kwa kijivu, kila nukta hubeba baiti moja, na ukurasa huohuo ni mega 8.7. Ukiskani kwa nyeusi na nyeupe tupu, nukta nane hukaa ndani ya baiti moja, na ukurasa unashuka hadi mega moja na kidogo. Hapo bado hatujabana chochote wala hatujapoteza hata nukta moja. Tumeondoa rangi tu, na ukurasa uliochapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe haukuwa na rangi ya kupoteza.

Skana nyingi za ofisini hutunza ukurasa wa rangi kwa mfumo wa JPEG, ambao huubana hadi mega moja au mbili. Kurasa 16 kwa mega moja na nusu zinatupa zile mega 24. Tuseme kasha la barua pepe linakubali ujumbe wa hadi mega 25; kwa macho ya kawaida mega 24 zinatosha. Hazitoshi. Barua pepe husafirisha kiambatisho kikiwa kimegeuzwa kuwa herufi za kawaida, kila baiti tatu zikiandikwa kwa herufi nne, kwa hiyo kila faili huongezeka theluthi moja njiani. Mega 24 zinakuwa 32. Faili la karibu mega 18 ndilo linalogusa ukuta wa mega 25, na kasha za ofisi nyingi zina ukuta wa chini zaidi ya huo. Kwa waraka wa kijiji mimi hulenga mega mbili au tatu. Faili la uzito huo hupita karibu kila mahali, na mtu wa Yaeda mwenye mtandao wa kusuasua anaweza kulituma bila kumaliza bando.

Kutoka mega 24 hadi mbili ni kupunguza mara kumi na mbili, na kuna njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ni kupunguza idadi ya nukta, nayo ndiyo inayochaguliwa na kitufe cha haraka. Ya pili ni kuondoa kile ambacho msomaji hahitaji: rangi isiyo na kazi, unyuzinyuzi wa karatasi, kivuli cha pembeni, vumbi la kioo cha skana. Njia ya kwanza huua herufi mapema. Njia ya pili inaweza kutufikisha karibu hadi mwisho wa safari kabla hatujagusa herufi.

Ili kuona kwa nini, pima herufi yenyewe. Katika maandishi ya kawaida ya ukubwa wa 12, mwili wa herufi ndogo kama a au e una urefu wa takribani milimita mbili. Kwa nukta 300 kwa inchi, urefu huo unapata nukta zipatazo 22. Kwa 150 unapata 11, na jicho bado linasoma. Kwa 72, ambacho ndicho kipimo cha vitufe vingi vya kubana zaidi, unapata nukta tano. Katika nukta tano, tundu la e linaziba, r na n zikisimama pamoja zinageuka m, na 3, 6 na 8 zinakuwa ndugu wa tumbo moja. Maandishi madogo ya ukubwa wa 8, kama yale ya chini ya fomu, yanabaki na nukta tatu au nne tu. Kwa uzoefu wangu, nukta 10 za urefu ndizo mpaka wa chini wa kusoma bila kubahatisha, na programu za kugeuza picha kuwa maandishi zinataka zipatazo 20.

Kubahatisha kwenyewe hakumsaidii kila mtu sawa. Neno "kijiji" likififia, Mswahili yeyote atalijazia. Lakini orodha ya mahudhurio ya Mbulu au Hanang imejaa majina ya Kiiraqw na Kidatoga: Hhando, Qamara, Tluway, Gidamis, na vijiji na kata kama Masqaroda, Tlawi na Gidahababieg. Kiiraqw huandika h moja na hh kama sauti mbili tofauti, na q haisimami badala ya k. Afisa wa Dodoma hana neno kichwani la kumsaidia kujua kama alichokiona ni q au g ya mkono, au kama h ya pili ilikuwepo ikamezwa na ukungu. Huyo anasoma nukta kwa nukta. Kwa sababu hiyo kurasa za majina zinahitaji nukta nyingi kuliko barua ya kawaida, wakati kitufe cha kubana huzipa kiasi kilekile kama kurasa nyingine.

Kuna jambo la pili linaloumiza maandishi, nalo ni JPEG yenyewe. Mfumo huu ulitengenezwa kwa ajili ya foto. Hukata picha katika vipande vya nukta 8 kwa 8, kisha ndani ya kila kipande hutunza mabadiliko ya taratibu na kutupa ya ghafla. Katika foto ya Ziwa Bassotu hiyo ni busara, maana anga na maji hubadilika polepole. Lakini herufi haina kitu kingine ila ukingo wa ghafla kati ya wino na karatasi. Ukibana kupita kiasi, unaona madoadoa ya kijivu yakizunguka kila herufi, na katika maandishi madogo madoadoa hayo huingia ndani ya herufi na kuziba matundu. Zaidi ya hapo, JPEG hutumia baiti nyingi kueleza unyuzi wa karatasi iliyozeeka au kivuli cha mkunjo, vitu ambavyo hakuna anayevisoma. Ukisafisha usuli uwe mweupe kabisa kabla ya kubana, faili linapungua sana na herufi zinabaki na haki yao.

Kwa ukurasa uliochapwa kuna mfumo unaofaa zaidi kuliko JPEG, nao ni wa zamani. Unaitwa Group 4, ulikubaliwa mwaka 1984 kwa ajili ya mashine za faksi, na PDF inauelewa hadi leo. Unafanya kazi kwa nyeusi na nyeupe tu. Badala ya kutunza kila nukta, huandika ni wapi mstari umebadilika kutoka nyeupe kwenda nyeusi ukilinganisha na mstari ulio juu yake. Haupotezi nukta hata moja. Ukurasa uliochapwa, kwa nukta 300 kamili, hushuka hadi kilobaiti 40 au 60. Kurasa zetu kumi zinakuwa nusu mega tu, nazo zinasomeka kama zilivyotoka kwenye printa.

Basi faili letu linagawanyika lenyewe katika mafungu matatu. Ukiwa bado na karatasi mkononi, njia nyepesi ni kuskani mara tatu. Kurasa kumi zilizochapwa, chagua Black and White na 300. Kurasa tano za mahudhurio, chagua Grayscale na 200. Ukurasa wa saini na mhuri, chagua Color na 200. Kisha unganisha mafaili matatu. Ukurasa wa kijivu wa 200 uliosafishwa usuli hutoa takribani kilobaiti 250, na ule wa rangi 350. Jumla yake ni nusu mega, mega moja na robo, na theluthi ya mega: mega mbili na kidogo. Tumeshuka kutoka 24 na hakuna jina lililokufa.

Kama karatasi zimerudi kijijini na ulichonacho ni faili lile kubwa tu, kazi hiyohiyo inafanyika kwa programu za bure. Kwenye Linux, `pdfimages` hutoa picha kutoka ndani ya PDF bila kuzibana upya, ImageMagick huzishughulikia, na `img2pdf` huzirudisha ndani ya PDF bila kuzigusa. Nimeonyesha ukurasa mmoja wa kila fungu. Kurasa nyingine za fungu hufuata amri ileile.

```
pdfimages -all kubwa.pdf uk
magick uk-000.jpg -colorspace Gray -threshold 60% -density 300 -units PixelsPerInch -compress Group4 a-000.tif
magick uk-010.jpg -colorspace Gray -level 10%,85% -resize 66.7% -density 200 -units PixelsPerInch -quality 60 a-010.jpg
magick uk-015.jpg -level 5%,90% -resize 66.7% -density 200 -units PixelsPerInch -quality 70 a-015.jpg
img2pdf a-*.tif a-*.jpg -o muhtasari.pdf
```

Namba ya kuangalia kwa makini ni ile 60% ya mstari wa pili. Inaiambia programu kwamba kila nukta yenye mwanga chini ya kiwango hicho iwe nyeusi, na iliyo juu iwe nyeupe. Ukurasa ukitoka na herufi nyembamba zilizokatikakatika, ipandishe. Ukitoka na madoa meusi na herufi nene zilizogusana, ishushe. Katika mstari wa tatu, ile 85% ndiyo inayosafisha usuli: kila kilicho cheupe zaidi ya hapo kinakuwa cheupe kabisa. Penseli hafifu inaweza kwenda nayo, kwa hiyo ipandishe hadi 95% kama kuna aliyesaini kwa penseli.

Kwa nini tusifanye kurasa zote 16 kuwa nyeusi na nyeupe, tukapata faili la mega moja? Kwa sababu ya dole gumba, mhuri na karatasi za zamani. Alama ya kidole ni mistari myembamba ya wino wa zambarau wenye uzito tofautitofauti. Ikilazimishwa kuchagua kati ya nyeusi na nyeupe inakuwa doa moja lisilotambulisha mtu. Mhuri uliogongwa juu ya saini unachanganyika nayo, na huwezi tena kuona tarehe ya katikati. Kwa rangi, macho hutenganisha mara moja wino wa bluu wa saini na wa zambarau wa mhuri.

Karatasi za zamani ni hatari zaidi. Katika majalada ya vijiji vya Hanang bado zipo barua za miaka ya 1970 na 1980, nakala za kaboni kwenye karatasi laini ya taipureta, maandishi yakiwa kijivu juu ya manjano. Nyeusi na nyeupe huzifuta nusu nzima. Na hizo ndizo ambazo huenda mtu akazihitaji siku moja. Katika kesi ya shirika la NAFCO dhidi ya kijiji cha Mulbadaw, iliyohusu ardhi iliyochukuliwa kwa mashamba ya ngano ya Bassotu, Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ilisema hapakuwa na ushahidi kwamba halmashauri ya kijiji iligawiwa ardhi ile. Barua ya kaboni inayotaja ugawaji wa ardhi ninaiskani kwa rangi, kwa 300, na kama haitoshi kwenye barua pepe moja naituma peke yake kwenye nyingine.

Nyeusi na nyeupe ina mtego mwingine ambao haujionyeshi kabisa. Mbali na Group 4 upo mfumo mpya zaidi, JBIG2, unaobana zaidi. Hutafuta herufi zinazofanana katika ukurasa, hutunza moja, na kuirudia kila mahali. Ukitumika kwa namna isiyopoteza kitu, ni salama. Ukiruhusiwa kukisia, unaweza kuona 6 hafifu na kuweka 8 safi. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel aligundua kwamba mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zikifanya hivyo: katika ramani ya nyumba aliyoiskani, vyumba vitatu vyenye vipimo vya 14.13, 21.11 na 17.42 vyote vilitoka vikiwa na 14.13. Xerox ikatoa marekebisho. Kilichonitisha katika habari ile ni kwamba tarakimu zile za uongo zilikuwa kali na safi. Ukungu hukuonya, tarakimu safi haikuonyi.

Fikiria jedwali la mipaka ya kijiji, lenye namba za kusini-kaskazini za tarakimu saba. Huku Hanang zinaanza na 94 au 95. Tarakimu ya tatu kutoka mwisho ikibadilika kutoka 6 kuwa 8, jiwe la mpaka limehama mita 200. Ikibadilika ya tano kutoka mwisho, limehama kilomita 20. Kwa hiyo ukiona JBIG2 kwenye orodha ya mipangilio, chagua ile iliyoandikwa Lossless, au baki na Group 4. Amri `pdfimages -list` huonyesha katika safu ya `enc` ni mfumo gani umetumika kwenye kila ukurasa: `ccitt` ni Group 4, `jbig2` na `jpeg` zinajieleza.

Kuhusu vitufe vya kubana vilivyo tayari, sivikatazi, ila vinahitaji kueleweka. Ghostscript, programu ya bure ya miaka mingi, ina viwango vinavyotajwa kwa jina: `/screen` hushusha picha za rangi na kijivu hadi 72, `/ebook` hadi 150, `/printer` hadi 300. Kwa majina ya mkono usishuke chini ya `/ebook`. Kuna jambo linalowachanganya watu hapo: Ghostscript haishushi picha mpaka izidi lengo mara moja na nusu. Faili lililoskaniwa kwa 200 ukilipitisha `/ebook` litabaki na 200 zake, kwa sababu ukuta ni 225. Mtu anaona faili halijapungua, analipitisha kwenye programu nyingine na nyingine, na kila JPEG inapobanwa upya madoadoa yanaongezeka juu ya yale ya mwanzo. Rudi kwenye faili la kwanza kila mara, ubadili kipimo, ujaribu upya.

Wengi hawapiti kwenye skana kabisa. Mtendaji anapiga picha kwa simu na kuituma steshenari kwa WhatsApp. Simu yenye kamera ya nukta milioni 12 inatosha: ukijaza ukurasa vizuri kwenye fremu unapata karibu 300 kwa inchi. Kinachoharibu ni kuituma kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huipunguza hadi urefu wa takribani nukta 1600, na kwa karatasi ya A4 hiyo ni chini ya 140 kwa inchi kabla hata steshenari hawajaigusa. Ichaguliwe Document, faili litafika lilivyo. Picha ipigwe karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni, ili kivuli cha simu kisianguke juu ya majina.

Kabla ya kutuma, lifungue faili dogo pembeni ya karatasi au ya faili kubwa, na usiangalie ukurasa wa kwanza. Nenda moja kwa moja mahali pabaya kuliko pote: jina lililoandikwa kwa kalamu inayoisha wino, tarehe ndani ya mhuri, namba ya simu yenye 3 na 8, nukta ya desimali kwenye ekari. Kuza hadi asilimia 200. Herufi ikitoka na kingo laini kidogo, ni sawa. Ukikuta miraba midogo au matundu yaliyoziba, rudi hatua moja. Kisha soma majina matano kwa sauti huku mwenzako akiyafuata kwenye karatasi, na tarakimu za mipaka zote, moja baada ya moja. Faili kubwa la 300 lisifutwe; libaki kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye flashi, kwa jina la kijiji na tarehe ya mkutano, kwa sababu atakayeuliza juu ya jina la mstari wa 87 atauliza baada ya miezi.